Mstari Uliopita Kila Nukta: Vipeo, Mwingiliano na Sensa za Kenya

Rigresheni ya mstari ni mbinu ya takwimu inayotafuta uhusiano kati ya kitu kinachotakiwa kukadiriwa na vitu vinavyodhaniwa kukiathiri. Katika umbo lake sahili kabisa, huandikwa hivi: `y = a + bx`. Herufi `y` ni kile kinachokadiriwa, `x` ni kigeu kinachojulikana, nazo `a` na `b` ni namba ambazo data yenyewe hutakiwa kuzitoa. Anayeichora milinganyo hiyo kwenye karatasi hupata mstari ulionyooka. Ulimwengu, hata hivyo, haukunyooka. Na ndiyo maana wanatakwimu huuongezea mstari huo viungo vingine ili upinde pale data inapopinda. Kuna viungo vya aina mbili vinavyotumika mno: vipeo vya kigeu kilekile, kama vile `x^2` na `x^3`, na viungo vya mwingiliano, yaani zao la vigeu viwili vilivyozidishwa pamoja. Insha hii inachunguza manufaa ya viungo hivyo na kiasi ambacho, kikipitwa, manufaa hugeuka hasara. Uwanja wa uchunguzi ni hesabu ya watu wa Kenya, maadamu data yake inajulikana, ni fupi, na msomaji yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuihakikisha mwenyewe.

Tangu mwaka 1969, Kenya imekuwa ikifanya sensa kila baada ya miaka kumi, mwezi wa Agosti. Mwaka 1969 walihesabiwa watu milioni 10.9, mwaka 1979 milioni 15.3, mwaka 1989 milioni 21.4, mwaka 1999 milioni 28.7, na mwaka 2009 milioni 38.6. Sasa achukuliwe mpangaji mmoja wa kubuni, aliyeketi mezani mwaka 2010 akiwa na namba hizo tano tu. Kazi yake ni kukadiria idadi ya watu watakaohesabiwa mwaka 2019, ili ijulikane ni madarasa mangapi yajengwe na ni dawa kiasi gani ziagizwe. Mpangaji huyu hajui kwamba sensa ya 2019 itahesabu watu milioni 47.6. Msomaji anajua. Tofauti hiyo ya ujuzi ndiyo itakayosaidia kupima kila hatua atakayoichukua.

Kwanza anajaribu mstari ulionyooka. Ili kurahisisha hesabu, anaupa mwaka 1989 thamani ya sufuri, 1999 thamani ya 1, 2009 thamani ya 2, na miaka ya nyuma anaipa −1 na −2. Mstari unaoikaribia data kuliko mistari yote mingine iliyonyooka ni `y = 22.98 + 6.88x`. Maana yake ni kwamba kila muongo uliongeza watu milioni 6.88. Akiweka 3 mahali pa `x`, anapata milioni 43.6 kwa mwaka 2019.

Kabla ya kuliamini jibu hilo, mpangaji mwenye hekima hutazama mabaki, yaani tofauti kati ya kilichohesabiwa na kile ambacho mstari umekisema. Mabaki ya mstari huu, kuanzia 1969 hadi 2009, ni 1.68, −0.80, −1.58, −1.16 na 1.86. Yatazamwe vizuri. Miisho yote miwili iko juu ya mstari, na miaka yote mitatu ya katikati iko chini yake. Lau kama mstari ungekuwa umesema yote yaliyomo katika data, mabaki yangetawanyika juu na chini bila utaratibu. Haya yamejipanga kama bakuli. Bakuli hilo ni ujumbe: katika data hii kuna mpindo ambao mstari ulionyooka haukuweza kuutamka.

Kwa hivyo anaongeza kiungo kimoja, kipeo cha pili cha `x`, na milinganyo inakuwa `y = a + bx + cx^2`. Hapa wanafunzi wengi huuliza swali la haki: iwapo mchoro umepinda, mbona mbinu bado inaitwa rigresheni ya mstari? Jibu ni kwamba neno mstari halielezi umbo la mchoro, bali jinsi namba `a`, `b` na `c` zinavyoingia katika milinganyo. Kila moja inazidisha kitu kinachojulikana tayari, kisha mazao yote yanajumlishwa. Kwa kompyuta, `x^2` ni safu nyingine tu ya namba, haijali kama safu hiyo ilizaliwa na safu jirani. Kwa sababu hiyo hesabu zilezile zinazotafuta mstari ulionyooka hutafuta pia ule uliopinda, nao wepesi huo ndio unaowavuta watu kuzidi kuongeza.

Mabadiliko yanayoletwa na kiungo hicho kimoja ni makubwa. Kipimo kinachopendwa sana cha kuonyesha ukaribu wa kielelezo na data huitwa `R^2`. Husema ni sehemu gani ya mabadiliko ya `y` iliyoelezwa. Kwa mstari ulionyooka kilikuwa asilimia 97.8. Kwa mstari wenye kipeo cha pili kinafika asilimia 99.97. Mabaki makubwa kuliko yote sasa ni 0.29, na lile bakuli limetoweka. Makadirio ya mwaka 2019 yanakuwa milioni 49.7.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mpangaji, akifurahia jinsi kipeo cha pili kilivyomfaa, anajiuliza kwa nini aishie hapo. Anaongeza kipeo cha tatu, na mabaki yanapungua tena. Anaongeza kipeo cha nne, na mabaki yanakwisha kabisa. Mstari unapita katikati ya kila nukta kati ya zile tano. `R^2` inakuwa asilimia 100. Je, huo si ukamilifu? Huenda mkubwa wake akaipokea ripoti hiyo kwa makofi. Ukamilifu huo, hata hivyo, haukutokana na utambuzi wowote kuhusu watu wa Kenya. Milinganyo yenye kipeo cha nne ina namba tano za kutafutwa, na sensa zilizopo ni tano. Namba tano zozote zile, hata zingeokotwa kwenye tiketi za matatu, zingepitiwa vilevile bila mabaki. Kielelezo hakikujifunza chochote, kimekariri. Kinafanana na mtahiniwa aliyehifadhi majibu ya karatasi tano za miaka iliyopita neno kwa neno: akiulizwa maswali yaleyale hupata alama zote, na karatasi mpya ikiletwa hana la kuandika.

Karatasi mpya ililetwa mwaka 2019. Kielelezo cha kipeo cha nne kilikuwa kimetabiri watu milioni 54.4, ilhali waliohesabiwa ni milioni 47.6. Kilikosea kwa watu milioni 6.8, wote wakiwa watu wasiokuwapo. Kielelezo cha kipeo cha tatu kilisema milioni 51.0, kosa la milioni 3.4. Cha kipeo cha pili kilisema milioni 49.7, kosa la milioni 2.1. Nao mstari ulionyooka uliosema milioni 43.6 ulikosea kwa milioni 4.0 upande wa pili. Msomaji ayapange makosa hayo kwa utaratibu wa vielelezo, kuanzia kilicho sahili hadi kilicho tata: 4.0, kisha 2.1, kisha 3.4, kisha 6.8. Yanashuka, yanafika chini, halafu yanapanda. Mabaki ya data ya zamani, kwa upande mwingine, hayakupanda hata mara moja. Yalishuka hatua kwa hatua hadi sufuri. Katika kupishana huko kwa mipango miwili ndimo kasoro hii ilimo. Kuongeza kiungo chochote hakuwezi kuongeza mabaki ya data iliyotumiwa, hata kiungo hicho kikiwa hakina maana yoyote. Anayevichagua vielelezo kwa kutazama `R^2` peke yake atachagua siku zote kile kilichobeba viungo vingi zaidi.

Yafaa kueleza kwa nini kielelezo kisicho na kosa hata moja nyuma kikosee sana mbele. Sababu huonekana pindi makadirio yanapoandikwa kama jumla ya sensa zenyewe. Kwa kielelezo cha kipeo cha nne, makadirio ya 2019 ni mara tano ya sensa ya 2009, kutoa mara kumi ya ile ya 1999, kujumlisha mara kumi ya ile ya 1989, kutoa mara tano ya ile ya 1979, kujumlisha ile ya 1969. Kikokotoo kitatoa 193.0 − 287.0 + 214.0 − 76.5 + 10.9, ambayo ni 54.4. Hizo mara tano na mara kumi ndizo hatari yenyewe. Kosa lililojificha ndani ya sensa yoyote, isipokuwa ile ya 1969, halipiti kama lilivyo; huzidishwa mara tano au mara kumi kabla ya kuingia katika jibu.

Na makosa hayakosekani. Hata sensa ifanywe kwa uangalifu namna gani, wako watakaokosa kuhesabiwa na wako watakaohesabiwa mara mbili. Sensa ya 2009 ilizusha mgogoro wa hadharani: matokeo yalipotangazwa mwaka 2010, serikali ilizitilia shaka takwimu za wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za maeneo ya Turkana, Wajir na Mandera, kwa kuwa zilizidi mno zile zilizotarajiwa. Suala hilo lilifika mahakamani. Jumla ya milioni 38.6 inazijumuisha wilaya hizo. Ichukuliwe, kwa ajili ya hoja tu, kwamba jumla hiyo ilizidi ukweli kwa watu nusu milioni. Mstari ulionyooka huipa sensa ya 2009 uzito wa 0.8, kwa hivyo makadirio yake ya 2019 yangepotoka kwa watu 400,000. Kielelezo cha kipeo cha pili huipa uzito wa 1.8, na kingepotoka kwa watu 900,000. Kile cha kipeo cha nne kingepotoka kwa watu milioni 2.5. Kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni mkono uliolibeba.

Wala si lazima pawe na mgogoro. Katika hesabu zote zilizotangulia, sensa zilifupishwa hadi desimali moja ya milioni. Ikiwa mpangaji atatumia takwimu kamili, kama zile 15,327,061 za 1979 na 38,610,097 za 2009, makadirio ya kipeo cha pili yatabaki milioni 49.7, bila kutikisika. Makadirio ya kipeo cha nne yatapanda kutoka milioni 54.4 hadi karibu milioni 55. Takriban watu nusu milioni wamezaliwa kutokana na kufupisha desimali! Kielelezo kinachobadilisha kauli yake kiasi hicho kwa jambo dogo kama hilo hakikuwa kikizungumzia watu. Kilikuwa kikizungumzia vumbi lililo juu ya data.

Ushahidi mwingine hupatikana kwa kurudi nyuma. Kabla ya 1969 kulikuwa na sensa za 1962 na 1948, zilizohesabu watu milioni 8.6 na milioni 5.4, na vielelezo hivi havikuwahi kuzitumia. Vikiulizwa kuhusu 1948, mstari ulionyooka unajibu milioni −5.2, jibu lisilowezekana. Kile cha kipeo cha pili kinajibu milioni 7.7. Kile cha kipeo cha nne, ambacho kilipita kila nukta, kinadai kwamba mwaka 1948 Kenya ilikuwa na watu milioni 20.2, ikimaanisha kwamba zaidi ya nusu yao walitoweka kabla ya 1962! Polinomia yenye kipeo kikubwa huweza kutulia kati ya nukta ilizozikariri. Ikitoka nje ya mipaka ya data, kipeo kile kikubwa hukua haraka kuliko viungo vingine vyote na kuiburuta popote kitakapo. Kipeo cha pili nacho si malaika. Mpindo wake una kina chake cha chini karibu na mwaka 1949, na anayekifuata nyuma zaidi ya hapo ataona watu wakiongezeka kadiri miaka inavyorudi. Kilifaa kwa kipindi na kwa umbali fulani tu.

Huenda msomaji akapinga kwamba ni rahisi kumhukumu mpangaji wa 2010 kwa kutumia sensa ambayo haikuwa imefanywa. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ndilo somo kuu la jambo hili zima. Mpangaji hakuhitaji kungoja hadi 2019. Alichohitaji ni kuificha sensa moja aliyokuwa nayo. Angechukua sensa nne za kwanza, 1969 hadi 1999, na kujifanya kwamba ile ya 2009 haijulikani. Mstari ulionyooka uliotengenezwa kwa sensa hizo nne ungemtabiria milioni 33.9 kwa mwaka 2009. Kielelezo cha kipeo cha pili kingesema milioni 37.6. Kile cha kipeo cha tatu, ambacho sasa ndicho kinachopita nukta zote nne, kingesema milioni 36.7. Kisha angeifunua sensa aliyoificha: milioni 38.6. Makosa ni 4.7, 1.0 na 1.9. Utaratibu ni uleule wa kushuka kisha kupanda, nao ulikuwa wazi mezani pake miaka tisa kabla ya sensa iliyofuata. Angechagua kipeo cha pili, na angekuwa amechagua vyema kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Jaribio hilo lina masharti mawili. Kwanza, kilichofichwa kifichwe kwa dhati: kisitumike kutafuta namba za kielelezo, wala kisichunguliwe mara kwa mara hadi kielelezo kikubaliane nacho, kwa maana hapo kitakuwa kimekaririwa kwa mlango wa nyuma. Pili, kifichwe kile kinachofanana na kazi iliyo mbele. Anayetaka kutabiri wakati ujao afiche miaka ya mwisho. Akiificha 1989 na kuwaacha majirani wake wa pande zote mbili, atakuwa anapima uwezo wa kuziba pengo, na kuziba pengo ni rahisi kuliko kuruka ukingo.

Kiungo cha aina ya pili, yaani cha mwingiliano, kina tabia hiyohiyo ingawa sura yake ni tofauti. Ichukuliwe miji ya Nairobi na Mombasa. Katika sensa zile tano, Nairobi ilikuwa na watu milioni 0.51, 0.83, 1.32, 2.14 na 3.14. Mombasa ilikuwa na milioni 0.25, 0.34, 0.46, 0.67 na 0.94. Mpangaji anataka kuieleza miji yote miwili kwa milinganyo mmoja. Anabuni kigeu `N`, chenye thamani ya 1 kwa Nairobi na 0 kwa Mombasa, na kuandika `y = a + bx + cN`. Milinganyo hii inaruhusu Nairobi kuwa kubwa kuliko Mombasa, lakini inailazimisha miji yote miwili ikue kwa kasi moja. Michoro yake ni mistari miwili sambamba, yote ikipanda kwa watu 414,000 kwa kila muongo. Kasi hiyo ni wastani wa miji miwili, na si kasi ya mji wowote. Kwa mwaka 2019 kielelezo hiki kingeipa Nairobi milioni 2.83 na Mombasa milioni 1.77.

Dawa yake ni kiungo kimoja: zao la `x` na `N`. Milinganyo inakuwa `y = a + bx + cN + dxN`. Kwa Mombasa, ambako `N` ni sufuri, viungo viwili vya mwisho vinatoweka na kasi inabaki `b`, ambayo ni watu 171,000 kwa muongo. Kwa Nairobi kasi inakuwa `b + d`, ambayo ni watu 657,000. Namba `d`, yaani 486,000, ndiyo mwingiliano wenyewe: inaeleza kwamba athari ya muda hutegemea mahali. Kielelezo kipya kinaipa Nairobi milioni 3.56 na Mombasa milioni 1.05 kwa mwaka 2019. Waliohesabiwa ni milioni 4.40 na milioni 1.21. Makadirio bado yako chini, kwa kuwa ukuaji wa miji yenyewe umepinda, lakini yamesogea karibu na ukweli kwa miji yote miwili. Hapa kiungo cha ziada kimejilipia gharama yake. Kiliongezwa kwa sababu iliyojulikana kabla ya hesabu kufanywa, kwamba mji mkuu huvuta wahamiaji kwa namna yake, na namba moja iliyoongezwa ilitegemezwa na sensa kumi. Izingatiwe pia kwamba kiungo cha mwingiliano hakipaswi kubaki peke yake. Mtu akikiacha `dxN` na kukifuta `cN`, ataibana mistari miwili ikutane mahali ambapo `x` ni sufuri, na kudai kwamba mwaka 1989 Nairobi na Mombasa zilikuwa na idadi moja ya watu.

Hatari huanza pale mtu anapoacha kuuliza sababu na kuiagiza kompyuta izidishe kila kigeu kwa kila kingine. Chukua mtafiti anayezilinganisha kaunti 47 za Kenya kwa kutumia vigeu kumi: mvua, urefu wa barabara, idadi ya shule na kadhalika. Vigeu kumi kila kimoja peke yake ni viungo kumi. Jozi zinazoweza kuundwa kutokana na kumi ni 45. Vipeo vya pili ni kumi vingine. Ukiongeza namba ya kuanzia, jumla ni namba 66 za kutafutwa, ilhali kaunti ni 47 tu. Mtafiti huyo hakukusudia makuu. Aliomba kipeo cha pili tu. Akithubutu kuomba hadi kipeo cha tatu, namba zinafika 286. Katika hali hizo mbili amekwisha kufika mahali alipofika mpangaji kwa kipeo cha nne: kielelezo kinaweza kupita kila kaunti bila mabaki, hata kama takwimu hizo zingechanganywa kama karata. Vipeo hupinda mstari mbele ya macho na mtu huona ukipinda. Mwingiliano hujificha katika nafasi yenye pande nyingi isiyoweza kuchorwa, na ndiyo maana kukariri kwake hugunduliwa kwa kuchelewa. Kinachoweza kumwonya mtafiti ni kuzificha baadhi ya kaunti na kutazama kama makosa yake juu yake yanalingana na yale ya kaunti zilizotumiwa. Pengo likiwa kubwa, kielelezo kimekariri.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uchache wa viungo ni kinga kamili. Kuna kielelezo kingine chenye namba mbili tu, sawa na mstari ulionyooka: kile kinachodai kwamba watu huongezeka kwa asilimia ileile kila muongo. Kina mantiki nzuri, maana watoto huzaliwa na watu waliopo. Kikitengenezwa kwa sensa zile tano, kinatabiri milioni 53.8 kwa mwaka 2019, kosa linalokaribia lile la kipeo cha nne. Kosa hili lakini halikutokana na kukariri. Lilitokana na dhana iliyopitwa na wakati: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wapatao wanane, na uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulipata wastani wa watoto 3.4. Mabadiliko hayo hayamo katika `x`, wala katika kipeo chake chochote. Ndiyo maana hata kipeo cha pili, kilichoshinda vingine, kilizidisha watu milioni 2.1, na mwenye kukiendeleza hadi 2029 kitampa milioni 62.7 bila kujua lolote kuhusu uzazi.

Hivyo basi, kielelezo huweza kupotoka kwa njia mbili, na kila njia ina dalili yake. Kilicho kigumu mno huacha mabaki yenye umbo, kama bakuli lile la mstari ulionyooka, na hukosea kwa data ya zamani na mpya sawia. Kilicho chepesi mno kupinda hakiachi mabaki, lakini hukosea sana kwa data iliyofichwa, na kauli yake hubadilika kwa kufupishwa kwa desimali. Mwenye kuongeza kiungo na aongeze kimoja kwa wakati, akiwa na sababu anayoweza kuitaja kwa maneno, kisha akifiche kipande cha data kinachofanana na kazi iliyo mbele na kukitazama kosa linakoelekea. Kosa la kipande hicho likianza kupanda ilhali mabaki yanazidi kushuka, kiungo cha mwisho kimeingia bila mwaliko, na hapo ndipo pa kukitoa.